Chini 43, wastani 85, juu 178: namna ya kuusoma muhtasari wa saa yako

*Shikamoo daktari. Nina miaka 41, sina ugonjwa ninaoujua na situmii dawa yoyote. Muhtasari wa jana kwenye saa yangu unasema mapigo ya moyo: chini 43, wastani 85, juu 178. Siku nyingine wastani huwa 68 au 69. Jana asubuhi nilikimbia polepole dakika 40, basi, hakuna kingine. Nimesoma kwamba kawaida ni 60 hadi 100 na tangu hapo silali vizuri. Moyo wangu una tatizo? Picha za grafu na orodha ya vipimo nimeziambatanisha.*

Marahaba. Nimezipitia picha zako zote na sijaona humo dalili ya ugonjwa. Hiyo 43 ni ya kweli, ila ni ya usingizini. Hiyo 85 imetokana na namna programu inavyopiga hesabu. Na 178 karibu nina hakika kwamba si mapigo ya moyo wako kabisa. Ni hatua za miguu yako. Nikueleze nilivyofika huko, ili kesho ukiona namba nyingine ya kutisha uweze kuikagua mwenyewe kabla ya kukosa usingizi.

Kwanza hiyo "60 hadi 100". Hicho ni kiwango cha mtu mzima aliye macho, ametulia, amekaa au amelala chali kwa dakika chache. Hakikuwekwa kwa ajili ya mtu aliye usingizini, wala anayekimbia, wala anayepanda ngazi. Muhtasari wa saa umechanganya hali zote hizo ndani ya siku moja, kwa hiyo karibu kila mtu mwenye afya atatoka nje ya kiwango hicho pande zote mbili, kila siku. Asiyetoka ndiye ningemuuliza kama saa ilikuwa mkononi.

Sasa tazama muhtasari wenyewe unavyotengenezwa. Chini ya saa kuna taa ya kijani inayomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, hivyo kila moyo unapopiga na damu kujaa kwenye mishipa ya mkono, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Saa huhesabu hayo mawimbi ya mwanga na kuyageuza kuwa mapigo kwa dakika. Kwa siku nzima hukusanya vipimo vingi, kisha mwisho wa siku inakuchagulia viwili: kilicho chini kuliko vyote na kilicho juu kuliko vyote. Vingine vyote inaviyeyusha ndani ya wastani.

Uchaguzi huo ndio chanzo cha hofu nyingi zinazoletwa kliniki. Chukua vipimo 180 vya siku moja. Hata kama 179 ni sahihi na 1 tu kimekosewa vibaya, hicho 1 ndicho kitakachopanda jukwaani, kwa sababu kosa kubwa kwa kawaida huangukia pembeni, juu sana au chini sana. Namba ya chini na ya juu ndizo namba mbili zinazostahili kuaminiwa kidogo kuliko zote kwenye ukurasa ule, na ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Tena, saa ikipima mara nyingi zaidi, ya chini huelekea kushuka na ya juu kupanda bila moyo kubadilika hata kidogo. Nimewahi kupokea watu waliowasha upimaji wa mfululizo kwenye mipangilio, kisha wiki hiyohiyo wakaja wakisema moyo umeanza kuharibika.

Kwa hiyo usiisome namba peke yake. Bonyeza ufungue grafu ya siku, uende kwenye wakati ule ule namba ilipotokea, na uangalie mambo matatu: ulikuwa unafanya nini, hali hiyo ilidumu kwa muda gani, na mstari uliingia na kutoka vipi. Mapigo ya kweli yana majirani. Moyo haurukii namba moja na kurudi ulikotoka ndani ya sekunde chache bila kupita katikati, isipokuwa kwa matatizo machache ya mfumo wa umeme wa moyo nitakayoyataja baadaye.

Tuanze na 43 yako. Imeandikwa saa 10:10 alfajiri. Ukiangalia grafu, mapigo yako yalikuwa 62 ulipopanda kitandani, yakashuka taratibu hadi 50 baada ya saa moja na nusu hivi, yakazunguka kati ya 45 na 49 sehemu kubwa ya usiku, yakagusa 43, kisha yakaanza kupanda kabla hujaamka. Huo ni mteremko, si shimo. Namba za pembeni yake ni 45, 44, 46. Usingizini mwili hupunguza mwendo: neva inayotuliza moyo huushika usukani, shinikizo la damu hushuka na mapigo hushuka nalo. Kwa mtu anayefanya mazoezi kama wewe, kufika arobaini na kitu usiku ni jambo la kila siku kwenye grafu ninazoziona. Miongozo ya madaktari wa moyo nayo inatambua kwamba kushuka kwa mapigo usingizini ni kwa kawaida, na kwa asiye na dalili hakuhitaji matibabu.

Ya chini ya uongo ina sura nyingine. Mstari unatembea kwenye 70 mchana kweupe, ghafla unatumbukia 38 kwa kipimo kimoja, halafu unarudi 70. Mara nyingi mkanda ulilegea, au mkono uliulalia na damu ikabanwa, au saa iligeukia upande wa mfupa. Lakini kuna aina moja ya kushuka kwa ghafla ambayo siipuuzi: namba inayoangukia karibu nusu kamili ya ile iliyotangulia, tuseme kutoka 76 hadi 38, na kubaki hapo kwa dakika kadhaa ukiwa macho. Inaweza kuwa saa imeteleza. Inaweza pia kuwa moyo unatoa pigo la ziada baada ya kila pigo la kawaida. Hilo la ziada huja mapema mno, moyo haujajaa, wimbi lake halifiki mkononi kwa nguvu, na saa inalikosa. Moyo umepiga mara 76, saa imehesabu 38. Namna ya kujua ni kuweka vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa mkono, na kusikiliza kwa dakika nzima. Ukisikia mapigo yenye kuruka au pengo pengo, nenda ukapimwe umeme wa moyo. Mara nyingi mapigo ya ziada hayana madhara, ila anayestahili kulisema hilo ni daktari aliyekiona kipimo.

Wako hauko hivyo. Tuendelee na wastani, ambao ndio umenifurahisha zaidi, kwa sababu hapa hakuna kilichokosewa isipokuwa hesabu.

Kwenye orodha uliyopiga picha, saa yako hupima kila baada ya dakika 10 ukiwa kwenye shughuli zako, lakini ukibonyeza zoezi inahifadhi kipimo kila dakika. Saa nyingi hufanya kitu cha namna hii ili kutunza betri. Sasa fanya hesabu ya jana. Dakika 40 za kukimbia zimetoa vipimo 40, wastani wake kama 150. Dakika 1,400 zilizobaki, kwa kipimo kila dakika 10, zimetoa vipimo 140, wastani wake kama 67. Programu imejumlisha vyote na kugawanya kwa 180:

```
(140 × 67 + 40 × 150) ÷ 180 = 85.4
```

Ndiyo 85 yako. Lakini zile dakika 40 ni chini ya asilimia 3 ya siku, huku vipimo vyake ni zaidi ya asilimia 22 ya orodha. Ukiipa kila dakika haki yake sawa, unapata hivi:

```
(1400 × 67 + 40 × 150) ÷ 1440 = 69.3
```

Yaani wastani ule ule wa 68 au 69 uliouzoea. Moyo wako jana haukufanya kazi ya ajabu. Kukimbia kumepigiwa kura nyingi kuliko idadi ya dakika zake. Si programu zote zinazofanya hesabu kwa njia hii, nyingine hupima uzito wa muda ipasavyo, na ndiyo maana si sawa kuulinganisha wastani wako na wa mwenzako mwenye saa ya aina nyingine. Hata wako mwenyewe, linganisha siku ya zoezi na siku ya zoezi, na siku ya kupumzika na ya kupumzika.

Kuna mtego wa pili kwenye wastani. Ukivua saa usiku ili uichaji, vile vipimo vya arobaini na hamsini havipo tena kwenye hesabu. Wastani utapanda, na ya chini nayo itapanda, hata kama umelala kama mtoto. Kabla ya kusoma wastani wa siku yoyote, angalia kama mstari wa grafu una pengo.

Sasa 178, ambayo najua ndiyo iliyokunyima usingizi. Kwa umri wa miaka 41, kanuni ya zamani ya 220 kutoa umri inatoa 179. Kanuni nyingine, 208 kutoa 0.7 mara umri, nayo inaangukia hapo hapo 179. Kanuni hizi ni za makadirio, mtu mwenye afya anaweza kuwa mapigo 10 au 12 juu au chini yake bila shida yoyote, kwa hiyo 178 kama namba haikatazwi. Lakini ingekuwa ya kweli, ungekuwa karibu kabisa na ukingo wa uwezo wako. Hungeweza kutoa sentensi moja bila kukatika pumzi, na ungelazimika kusimama baada ya muda mfupi. Wewe umesema ulikimbia polepole. Hapo ndipo nilipoanza kuishuku saa.

Grafu ya zoezi ikanimalizia mashaka. Kwa dakika 12 za mwanzo mapigo yalipanda vizuri, 110, 128, 139, 144. Kisha ndani ya kipimo kimoja yakaruka hadi 176, yakakaa kati ya 176 na 178 kwa dakika 7, mstari umenyooka kama rula. Halafu yakaanguka hadi 146 huku mwendo wako haujabadilika. Nikashuka chini kwenye grafu ya hatua za dakika kwa dakika: ulikuwa unapiga hatua 176 hadi 178 kwa dakika, tangu mwanzo hadi mwisho wa mbio. Namba zimelingana.

Kinachotokea ni hiki. Mkono unapobembea, damu ndani yake na saa yenyewe hutikisika kwa mdundo wa hatua. Ule mwanga wa kijani unarudi na midundo miwili, ya moyo na ya miguu. Saa hujitahidi kuuondoa wa miguu kwa kutumia kipima mwendo kilichomo ndani yake, ila mkanda ukiwa umelegea, au mkono ukiwa wa baridi na mishipa imejikunja, mdundo wa moyo unakuwa dhaifu na saa inaukamata ule wenye nguvu. Mkimbiaji mwenye hatua 160 hadi 180 kwa dakika ndiye anayeangukia humo kirahisi, kwa kuwa idadi hiyo inafanana sana na mapigo ya mtu anayejituma. Kwenye baiskeli tatizo hili ni dogo zaidi, maana mikono haibembei.

Kupanda kwa kweli kuna alama ambayo haighushiki kirahisi, nayo ni namna mapigo yanavyoshuka baada ya kusimama. Mtu akiacha kukimbia, mapigo hupungua kwa hatua. Dakika ya kwanza kwa kawaida hupungua zaidi ya 12, na huendelea kushuka kwa dakika kadhaa. Yakishuka 30 ndani ya kipimo kimoja ukiwa bado unakimbia, saa ndiyo iliyogundua kosa lake.

Hapa naomba uwe makini na jambo moja, kwa sababu sitaki uchukue somo la kwamba kila namba ya juu ni ya saa. Ipo mipigo ya kasi inayowaka ghafla na kuzima ghafla, kama swichi, kutokana na njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo. Kwenye grafu inaweza kufanana na mruko wako. Tofauti ni kwamba hiyo huweza kuja ukiwa umekaa kabisa, hatua sifuri, na mara nyingi mwenyewe unaisikia: kifua kinagonga, pengine koo linadunda, unapata kizunguzungu. 160 ukiwa kitini, iliyodumu dakika kadhaa, haiwezi kuwa ya miguu. Hiyo ni ya kuhesabu kwa vidole papo hapo na kuipeleka hospitali.

Ukiniuliza mimi naangalia nini kwenye muhtasari, jibu ni namba ambayo hukuitaja: mapigo ya kupumzika. Hiyo si sawa na ya chini ya siku. Programu huipata kwa kuchagua vipindi ambavyo umetulia kweli, nyingine hutumia usingizi na nyingine hutumia muda ukiwa macho, ndiyo maana haitikiswi na kipimo kimoja kilichoharibika. Yako kwa wiki nne imekuwa kati ya 56 na 59. Huo ndio mstari wako. Ukiona umepanda 8 au 10 juu ya mstari huo kwa siku moja, fikiria usiku mbovu, pombe, kukosa maji mwilini, au homa. Joto la mwili likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, mapigo yanaweza kupanda kama 10. Ukiona umepanda na kukaa huko kwa wiki mbili tatu bila sababu unayoijua, hapo kuna la kuchunguza: upungufu wa damu, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, ujauzito, dawa mpya. Kwa anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama atenolol au bisoprolol, namba zote zitakuwa chini, na ya juu wakati wa zoezi haitafika kule ambako kanuni ya umri inasema.

Kiwango cha oksijeni kinachoandikwa kwenye ukurasa huohuo nacho kisome hivyohivyo. Kipimo kimoja cha 86 usiku katikati ya 95 na 96 mara nyingi ni mkono uliolaliwa. Mashimo yanayojirudia usiku kwa usiku, pamoja na kukoroma na kuamka umechoka, ni habari nyingine.

Mambo ya kukufanya uondoke nyumbani siku hiyohiyo hayategemei muhtasari. Maumivu au kubanwa kifua, kuzimia au kukaribia kuzimia, kukosa pumzi ukiwa umetulia: nenda, hata saa ikiwa imeandika 72. Saa ya mkononi haiwezi kuona mshtuko wa moyo unaotokana na mshipa kuziba, na namba nzuri hazimwokoi mtu mwenye dalili hizo. Ukiwa macho na umetulia, mapigo yakikaa juu ya 120 kwa zaidi ya dakika 10 bila homa wala hofu ya kuyaeleza, au chini ya 40, au chini ya 50 pamoja na kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida, hesabu kwa vidole. Vidole vikikubaliana na saa, muone daktari. Nenda na picha ya grafu ya wakati huo, si ya muhtasari, na uandike pembeni ulikuwa unafanya nini.

Kwako wewe nimebakiwa na ombi moja tu. Safari ijayo ya kukimbia, vaa saa upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, kaza mkanda kiasi kwamba saa inatembea na ngozi badala ya kuteleza juu yake, na upashe mwili moto kwa kutembea dakika 10 kabla ya kuanza. Saa ikionyesha 170 na ushei, simama hapohapo na uhesabu mapigo shingoni kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Anza kuhesabu mara tu unaposimama, kwa sababu baada ya nusu dakika yatakuwa yameshashuka. Ukipata 140 au 150, umejijibu mwenyewe. Ukipata 176 kwa vidole vyako huku ulikuwa unakimbia mwendo wa kuongea, niandikie, tupange kipimo cha umeme wa moyo ukiwa kwenye mashine ya kukimbilia.